Barua ya kukataa udhamini usiowafaa wasomaji wako

*Habari mwalimu. Ninaandika mtandaoni kuhusu bajeti ya nyumbani na akiba, na wengi wanaonisoma ni kina mama wenye biashara ndogo Gikomba, Kayole na Githurai. Ajensi moja hapa Nairobi inataka kunilipa Sh60,000 niandike makala tatu za kupigia debe programu ya mikopo ya simu. Hawa wasomaji ndio ninaowaambia kila mara wajitoe kwenye mikopo hiyo. Sitaki, lakini afisa aliyeniletea ni mtu mzuri na ajensi yake ina wateja wengine ninaowatamani. Tayari wamenitumia Sh3,000 "za kujaribu programu". Nimeandika hivi: "Asante sana kwa nafasi hii nzuri. Samahani sana, kwa sasa nimebanwa na kazi, na pia bajeti yenu iko chini kidogo. Labda tuongee mwezi ujao." Nitume?*

*Msomaji, Umoja*

Usitume, dada yangu. Hapo hujakataa kitu. Umeanza kupatana bei.

Nimefanya kazi upande ule wa pili, wa ajensi, kwa hivyo nakuambia jinsi ujumbe wako utakavyosomwa ukifika. Afisa wako ana jedwali kwenye kompyuta lenye majina ya waandishi aliowapendekeza kwa mteja. Kando ya kila jina kuna hali yake: amekubali, tunazungumza, amekataa. Akisoma "kwa sasa nimebanwa" anaelewa ni suala la tarehe. Akisoma "bajeti iko chini kidogo" anaelewa ni suala la pesa, na hilo ndilo analolijua vizuri kuliko yote. "Mwezi ujao" amepewa siku ya kukupigia. Jina lako litaingia kwenye "tunazungumza", na kuanzia hapo mambo yanaharibika taratibu.

Kwa kuwa umetaja bajeti, ataenda kwa mteja kukuombea nyongeza. Tuseme mteja anakubali Sh80,000. Afisa anarudi kwako akiwa na furaha, amekupigania, naye amekwisha kumwambia mteja kwamba mwandishi wa akina mama wa Eastlands yuko karibu kuingia. Hapo ndipo utakapolazimika kusema ukweli kwamba hata kwa laki mbili usingeandika. Aliyeaibika si wewe. Ni yeye, mbele ya mtu anayemlipa. Unasema ni mtu mzuri na hutaki kumuudhi, lakini ule upole wa rasimu yako ndio utakaomgharimu. Hapana ya wazi ya leo inampa muda wa kutafuta mwandishi mwingine kabla kampeni haijaanza, na mtu wa ajensi huikumbuka kwa shukrani.

Sasa sababu. Ulikuwa na tatu za kuchagua: pesa ni kidogo, bidhaa ni mbaya, au bidhaa haiwafai watu wanaokusoma. Umechagua ya kwanza kwa sababu ndiyo isiyomkwaza mtu, lakini ndiyo pekee ambayo mwenzako anaweza kuitatua kwa simu moja. Sababu nzuri ya kukataa ni ile ambayo upande wa pili hauwezi kuirekebisha na wala hauna haja ya kuibishia. Hiyo ni ya tatu.

Ya pili najua inakuwasha ulimi. Umesikia malalamiko ya wasomaji wako, pengine umeona shemeji wa mama mmoja akipigiwa simu na mkopeshaji, akiulizwa deni asilolijua. Kanuni za mikopo ya kidijitali za 2022, zile zilizowaweka wakopeshaji hawa chini ya leseni ya Benki Kuu ya Kenya, zinakataza kuchokora orodha ya namba za mkopaji ili kuwaandama watu wake akichelewa kulipa. Lakini kanuni kukataza jambo hakuthibitishi kwamba kampuni hii inalifanya. Barua yako haitakaa kwa afisa. Itapelekwa mbele kwa mteja, na kwa mteja huenda ikafika kwa wakili. Sentensi kama "mnawaibia kina mama" ikiwa imeandikwa, ikasomwa na watu wengine, na huna ushahidi mkononi, inaweza kukuingiza kwenye kesi ya kashfa bila sababu yoyote. Vivyo hivyo "hamna leseni": jina la programu mara nyingi si jina la kampuni iliyosajiliwa, kwa hivyo usipoliona kwenye orodha ya Benki Kuu bado hujajua lolote. Kama una ushahidi wa unyanyasaji, upeleke kwa Benki Kuu, au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ikiwa ni habari za watu zimetumiwa vibaya. Barua ya kukataa udhamini si mahali pake.

Na hata kampuni ingekuwa safi kama pamba, jibu lako lingebaki lile lile. Hili lifanyie hesabu wewe mwenyewe kabla ya kuandika, ili usitikisike ukipigiwa simu. Chukua msomaji wako mmoja unayemfahamu, muuza mboga anayehitaji Sh5,000 za kujaza kibanda kwa mwezi mmoja. Tuseme programu inatoza asilimia 15 kwa siku 30. Atarudisha Sh5,750. Mkopo wa asilimia 1 kwa mwezi, ambao ni kiwango cha kawaida kwa SACCO nyingi, atarudisha Sh5,050. Tofauti ni Sh700 kwa mwezi, na kama amezoea kukopa kila mwezi, kwa mwaka ni Sh8,400. Hizo ndizo pesa ambazo makala zako zinamfundisha kuweka akiba. Wakili mwenye mshahara anayekwama tarehe 27 anaweza kuona ada hiyo ni bei ya haki ya kupata pesa kwa dakika mbili. Bidhaa ni ile ile, ila msomaji si yule. Hapo ndipo unaweza kusema "haiwafai wasomaji wangu" bila kumtukana mtu, kwa sababu ni kweli tupu.

Upande wa pesa zako pia, zijue kwa jina lake halisi. Tangu Julai 2023, malipo ya udhamini kwa mkaazi wa Kenya anayetengeneza maudhui hukatwa asilimia 5 na anayelipa, na kupelekwa KRA. Kwa hivyo Sh60,000 zingekufikia zikiwa Sh57,000, yaani Sh19,000 kwa makala, na bado zingehesabiwa kwenye ritani yako ya mwaka. Sikuambii ni kidogo. Nakuambia ili usiku ule utakapoanza kujuta, ujute kiasi sahihi.

Tuje kwenye sentensi yenyewe ya sababu, maana barua nzima inasimama juu yake. Wengi huandika "haiendani na maudhui yangu" wakaishia hapo. Hiyo ni ya jumla mno. Afisa atakujibu kwamba wataibadilisha sauti ya kampeni iwe ya "elimu ya fedha", na mtaanza upya. Taja wasomaji ni kina nani, wanajaribu kufanya nini, na kwa nini bidhaa ya aina hii inagongana na jambo hilo. Kisha uifanye kuwa kanuni, siyo uamuzi juu ya kampuni moja. Maneno yanayofanya kazi hiyo ni "kutoka kwa kampuni yoyote". Mteja akiyasoma hana la kununia, kwa sababu hata mshindani wake amefungiwa mlango huo huo.

Lakini fahamu kwamba maneno hayo yanakufunga na wewe. Ukiandika kwamba hupokei matangazo ya mikopo, halafu baada ya miezi mitatu uonekane na bango la mkopo wa benki, yule afisa atajua ulichagua bei. Nairobi watu wa ajensi wanahamahama. Aliye hapa leo, mwakani yuko kwa mshindani au ameajiriwa na mteja mwenyewe, na ameondoka na kumbukumbu zake. Kwa hivyo pima kanuni yako iwe na upana unaoweza kuishi nao. Wewe unawahimiza watu wajiunge na SACCO, na SACCO hukopesha. Usiandike "mikopo". Andika "mikopo ya muda mfupi ya simu".

Kuna zile Sh3,000. Maadamu ziko kwenye simu yako, hapana yako haijakamilika, na kuna siku mtu wa uhasibu atauliza zililipia nini. Zirudishe zote, hata kama tayari ulifungua programu ukaichungulia. Ila usizirudishe kwa kubahatisha. Pesa iliyotoka kwenye akaunti ya kampuni huja na jina la kampuni, haina namba ya mtu ya kurudishia. Na usimtumie afisa kwenye simu yake binafsi, hata akikuambia ndiyo njia rahisi, kwa sababu rekodi itaonyesha umemtumia mtu pesa na kampuni bado inakudai. Waombe kwa maandishi nambari ya Paybill na ya akaunti, uwatajie nambari ya muamala ya ule ujumbe wa M-Pesa ulioupokea, kisha ukishalipa uwatumie nambari ya muamala mpya. Zile herufi na tarakimu kumi ndizo risiti yako.

Barua iende kwa barua pepe, kama jibu la ile ile iliyokuletea ofa, ili historia yote ikae pamoja. Baada ya kuituma, mwandikie afisa mstari mmoja kwenye WhatsApp: "Kaka, nimekujibu kwenye barua pepe, nimeona ni vizuri upate mapema." Usianze kwa kumpigia. Kwenye simu sauti zetu hulegea, na mtu hujikuta amesema "tutaona" bila kukusudia. Kama walikuandikia kwa Kiingereza, wajibu kwa Kiingereza kwa mpango huu huu.

Mimi ningeiandika hivi:

> Kichwa: Jibu la ofa ya makala tatu za programu ya mikopo: sitashiriki
>
> Bw. ______,
>
> Asante kwa kunifikiria katika kampeni hii na kwa maelezo kamili uliyonitumia. Nimeyasoma yote, na nimeamua kutoshiriki.
>
> Wanaonisoma wengi ni wafanyabiashara wadogo wanaojenga akiba kupitia vyama na SACCO, na kazi yangu kubwa kwao ni kuwasaidia kupunguza mikopo ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo sipokei udhamini wa mikopo ya muda mfupi ya simu kutoka kwa kampuni yoyote. Uamuzi huu hauhusiani na malipo wala ratiba.
>
> Tarehe ______ nilipokea Sh3,000 za kujaribu programu, nambari ya muamala ______. Naomba unitumie nambari ya Paybill na ya akaunti ya kampuni ili nizirudishe zote. Maelezo ya kampeni mliyonipa sitamwonyesha mtu mwingine.
>
> Ikiwa mtakuwa na mteja wa akaunti za vyama, bima ya biashara ndogo au vifaa vya biashara kama mizani na majokofu, ningependa kusikia kutoka kwako.
>
> Nakutakia kila la heri na kampeni.
>
> ______

Tazama jibu limekaa wapi. Liko kwenye kichwa na tena kwenye aya ya kwanza, kwa sababu afisa ataisoma akiwa kwenye matatu, mteja ataisoma akiwa kwenye mkutano, na hakuna hata mmoja anayepaswa kushuka hadi chini kujua umesema nini. Sijaweka "samahani" hata moja. Ukiomba radhi mara tatu, msomaji wa barua anaanza kudhani kuna deni, na mwenye deni huombwa alipe kidogo kidogo: basi andika makala moja, basi weka kiungo tu. Shukrani ya kweli, yenye kutaja kitu alichokifanya, inatosha kuwa adabu.

"Uamuzi huu hauhusiani na malipo wala ratiba" ndiyo sentensi utakayotamani kuifuta, kwa sababu inaonekana kavu. Iache. Ndiyo inayomwondolea afisa kazi ya kwenda kukuombea nyongeza, na ndiyo anayoweza kuinakili na kumtumia mteja bila kueleza zaidi.

Aya ya bidhaa unazozitaka iwe mahususi. "Tushirikiane siku nyingine" haimsaidii afisa, hawezi kulitafuta hilo kwenye orodha ya wateja wake. "Mizani na majokofu" anaweza. Kwa kuwa unajua ajensi hii inashughulikia wateja unaowatamani, taja aina ya bidhaa zao, siyo majina yao. Ukiwataja kwa jina utaonekana umekataa huyu ili upewe yule. Na usiambatishe orodha yako ya bei. Najua wengine hushauri uiambatishe ili "usipoteze nafasi", mimi naona inafuta barua yote iliyotangulia: anayekataa kisha akaweka bei amesema bei ndiyo iliyokuwa tatizo. Akiiomba, mtumie siku hiyo hiyo.

Jaribu lingine ni kumtaja rafiki yako anayeandika mambo ya vijana, kwamba yeye ataweza. Muulize kwanza yeye. Asipoulizwa, umempa mzigo wa kukataa ambao wewe umeuona mzito.

Usisubiri wiki. Angalia tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye maelezo ya kampeni, na uhakikishe barua imefika wakati afisa bado anaweza kupata mtu mwingine. Hapana iliyofika siku moja kabla ya kampeni humkwaza kuliko maneno yoyote makali.

Utajuaje kama barua imefanya kazi? Jibu lake litakuwa fupi: asante kwa kutujulisha, nambari ya Paybill ni hii. Ukiona amejibu kwa swali, "je, tukibadilisha maneno?" au "je, tukifanya Sh90,000?", basi kuna mahali ulilegeza, au yeye ana shinikizo kutoka juu. Vyovyote vile usiandike barua ya pili yenye sababu mpya. Kila sababu mpya ni mlango mpya wa kubishania, na pia inatia shaka ile ya kwanza. Rudia ile ile kwa sentensi mbili: "Asante kwa kurudi kwangu. Msimamo wangu kuhusu mikopo ya muda mfupi ya simu ni ule ule, kwa kiasi chochote na kwa maneno yoyote."

Akipiga simu, pokea, msikilize, umwambie hivyo hivyo kwa mdomo, kisha umuulize ile nambari ya Paybill kama bado hajaituma. Ukishazirudisha zile pesa, hifadhi barua, jibu lake na ule ujumbe wa M-Pesa kwenye faili moja. Programu za mikopo ni nyingi mjini na nyingine itakuja kwako kupitia ajensi nyingine. Aya ya pili ya barua hii utaitumia tena ilivyo, ukibadilisha tarehe na jina la juu tu.